Umeficha au umefuta? Kisa cha barua pepe ya mishahara iliyokuwa inakwenda kwa wakaguzi

Alhamisi moja ya Novemba, saa kumi na moja kasorobo jioni, kijana wetu wa hesabu alinigeuzia kioo cha kompyuta yake. "Dada, hebu nipitishie hii nibofye nitoke, foleni ya Kurasini unaijua." Ilikuwa barua pepe ya kwenda kwa wakaguzi wa hesabu wa nje, ina viambatisho vinne, na maandishi yake mwenyewe yalikuwa mistari mitatu ya adabu. Nilivuta kiti. Barua ile iliondoka kesho yake saa nne asubuhi, na ilipoondoka haikuwa na kiambatisho hata kimoja.

Kwanza, wakaguzi walitaka nini. Kampuni yetu ni ya kutoa mizigo bandarini, ina watumishi 64. Wao walikuwa kwenye ukaguzi wa awali, kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa Desemba, na waliomba mambo matatu: orodha ya mishahara ya Agosti, Septemba na Oktoba, uthibitisho wa mtumishi mmoja ambaye mshahara wake wa Oktoba ulishuka karibu nusu, na vielelezo vya safari moja ya mkurugenzi iliyolipiwa kwa kadi ya kampuni. Ni maombi halali kabisa. Sisemi kwamba wakaguzi wanyimwe kitu. Nasema tu kwamba ombi la "tutumieni mishahara" huwa fupi, na sisi huku hulijibu kwa kumwaga gunia zima.

Kijana alikuwa amejitahidi, nisimwonee. Alisema, "Dada, safu nyeti nimeshazificha." Nikamuuliza, "Umezificha au umezifuta?" Akanyamaza, akacheka.

Nianze na hiyo orodha ya mishahara, maana ndiyo yenye mambo mengi.

Faili lilikuwa la Excel, lenye safu za namba ya mtumishi, jina, cheo, namba ya NIDA, namba ya simu, benki, namba ya akaunti, mshahara ghafi, NSSF, kodi ya PAYE, makato ya bodi ya mikopo, makato ya SACCOS, makato ya amri ya mahakama, mshahara wa mkononi, na mwisho kabisa safu ya "maelezo". Kijana alikuwa amebofya `Hide` kwenye NIDA, simu na maelezo. Kwa macho zilikuwa zimetoweka. Lakini herufi za juu zinazotaja safu zilikuwa zinaruka kutoka C kwenda F, na yeyote anayejua Excel akiona mruko huo anabofya kulia, anachagua `Unhide`, na kila kitu kinarudi. Juu yake alikuwa ameweka `Protect Sheet` na nywila. Hiyo ni kufuli ya kuzuia mtu asivuruge fomula kwa bahati mbaya. Haifichi yaliyomo kwenye faili, na kuivunja ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeamua.

Watu hudhani haya ni makosa ya ofisi ndogo kama zetu. Agosti 2023 jeshi la polisi la Ireland ya Kaskazini lilijibu ombi la kawaida la taarifa kwa faili la Excel, na ndani yake karatasi moja iliyofichwa ilikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na vituo vya askari na watumishi wake wote, zaidi ya 9,400. Faili likawekwa hadharani. Kule askari hufichia majirani kazi anayofanya, kwa hofu ya kuuawa. Mwaka uliofuata mdhibiti wa taarifa wa Uingereza akalipiga jeshi hilo faini ya pauni 750,000. Karatasi ile haikuvuja kwa mdukuzi yeyote. Ilikuwa imefichwa, haikufutwa.

Dawa yake ni ndogo. Usisafishe faili la kazi, fungua jipya. Unachagua zile safu unazotaka ziende, unanakili, kwenye faili jipya unabandika thamani tupu kwa `Paste Values`. Fomula hazihami, safu zilizofichwa hazihami mradi usiburute uteuzi kupita juu yake, vile vijinukta vyekundu vya maoni kwenye kona ya seli havihami. Na vijinukta hivyo viangalie sana. Kwenye jina la mtumishi yule wa Oktoba kulikuwa na kimoja, ukipitisha kipanya juu yake kinatokea: "yuko Ocean Road, bosi anajua." Nitarudi kwenye hilo.

Sasa swali la kila safu: mkaguzi anaifanyia nini? Mshahara ghafi, NSSF, kodi na mshahara wa mkononi anavihitaji, maana atapiga hesabu upya. Makato ya bodi ya mikopo nayo yanabaki, kwa sababu fedha ile tumemkata mtumishi na tunapaswa kuipeleka bodi, na mkaguzi anataka kuona imefika. Amri ya mahakama ilitufanya tukae kidogo. Ni mtumishi mmoja tu, anakatwa matunzo ya mtoto. Ukiiacha kwenye safu yenye jina lake, kila atakayelifungua faili lile anajua mambo ya nyumbani kwake. Tukaijumlisha na makato ya SACCOS kwenye safu moja, "makato mengine", na jumla ya mwezi ikabaki sawa na ya vitabu. Mkaguzi akitaka kuchambua jumla hiyo, nakala ya amri na risiti ziko kabatini kwangu, aje azione.

Simu ilifutwa bila mjadala. Maelezo pia.

NIDA ilikuwa na kichekesho chake. Kijana alipendekeza tuifunike: tuache tarakimu za mwanzo, za mwisho tuweke nyota, kama benki zinavyofanya. Lakini namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, yaani mwaka, mwezi na siku. Ukifunika mwisho ukaacha mwanzo, umetangaza siku ya kuzaliwa ya mtu, ambayo nusu ya nchi huitumia kama namba ya siri na watoa huduma wengi huiuliza kabla ya kukuhudumia kwa simu. Namba ya akaunti haina shida hiyo, ndiyo maana mazoea ya benki yanatupotosha. Kabla hujafunika namba yoyote, jua kwanza imejengwaje.

Tena tukagundua jambo jingine. Namba zile ziliingizwa kwenye Excel kama namba za kawaida, zisizotangazwa kuwa maandishi. Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo. Kinachozidi inakigeuza sifuri. Kwa hiyo NIDA za watumishi wote 64 zilikuwa zinaishia na sifuri tano. Yaani faili lilikuwa limehifadhi tarehe za kuzaliwa kwa uaminifu na kuua ile sehemu ya mwisho inayomtofautisha mtu na mwenzake. Halikumfaa mkaguzi, lingemfaa tapeli. Tukaifuta safu nzima, na mimi nikabaki na kazi ya kurekebisha kumbukumbu zetu wenyewe wiki iliyofuata. Mkaguzi akitaka kuhakikisha mtu yupo kweli, achague majina, atazame kitambulisho kwenye jalada ofisini, kisha aandike kwenye karatasi yake ya kazi kwamba amekiona. Hahitaji kuondoka na nakala.

Halafu ikaja namba ya akaunti, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kukosea. Nilisema kwa kujiamini: hizi tufunike, tubakize tarakimu nne za mwisho. Nikamwandikia kijana fomula:

```
="******"&RIGHT(G2,4)
```

Alipoiburuta chini, akasita. "Lakini Dada, hawa si wanatafuta wafanyakazi hewa?" Kweli kabisa. Moja ya vipimo vya kwanza vya mkaguzi wa mishahara ni kupanga namba za akaunti na kuangalia kama kuna akaunti inayopokea mishahara ya watu wawili. Mfanyakazi hewa huwa na jina lake, cheo chake, hata sahihi. Asichokuwa nacho ni akaunti yake, maana fedha zinatakiwa zifike kwa aliyemuumba. Ukifunika akaunti, umefunika kile kile mkaguzi alichokuja kukitafuta, na mkaguzi mwenye akili ataanza kujiuliza kwa nini.

Tarakimu nne za mwisho hazitoshi kupima hilo. Kwa watu 64 unaweza kupanga jozi 2,016, na michanganyiko ya tarakimu nne ni 10,000. Hata kama namba zimesambaa vizuri, kuna uwezekano wa karibu mara moja katika tano kwamba jozi fulani italingana kwa bahati tu. Na hazikusambaa vizuri: baadhi ya akaunti zetu zinaishia na sifuri mbili. Tulipojaribu, kufunika kulituletea "pacha" wanne ambao hawakuwa pacha.

Basi akaunti zilipaswa kwenda kamili, kwa njia yake. Tukatengeneza mafaili mawili. La kwanza lina namba ya mtumishi, jina, cheo na mchanganuo wa mshahara, bila akaunti. La pili lina namba ya mtumishi, benki, akaunti kamili na kiasi kilicholipwa, bila jina. Mkaguzi anayaunganisha kwa namba ya mtumishi kwa sekunde moja. Likivuja moja peke yake, la kwanza linaonyesha mishahara, jambo baya lakini halimwibii mtu. La pili ni rundo la akaunti zisizo na wenyewe. Yakivuja yote mawili, kazi yetu imekwisha, na hilo lazima likubaliwe: kugawanya kunapunguza madhara, hakuyaondoi.

Nitaje pia ile fomula, maana wengi hukwama hapo. Ukitengeneza safu ya nyota kwa fomula, safu ya asili bado iko pembeni inailisha. Ukiifuta ya asili, nyota zinageuka kuwa kosa la `#REF!`, na mtu kwa hasira anairudisha na kuificha. Bandika thamani tupu kwanza, ndipo ufute ya asili. Ukipenda kujihakikishia, bofya seli yoyote ya nyota uangalie mstari wa juu wa fomula: ukiona nyota zile zile, umemaliza, ukiona `RIGHT`, bado.

Kiambatisho cha pili kilikuwa barua ya daktari.

Mtumishi huyu aliacha kuja kazini tarehe 1 Agosti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mtumishi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sisi tunahesabu siku mfululizo. Agosti siku 31, Septemba 30, jumla 61. Siku ya 63 ikaangukia 2 Oktoba. Kuanzia tarehe 3 akaingia nusu mshahara. Hiyo ndiyo sababu ya mshahara wa Oktoba kushuka, na mkaguzi alitaka kujua hilo tu: nani aliamua, kwa msingi gani, na je, hesabu ni sahihi.

Kijana alikuwa ameskani barua ya hospitali na kuweka kisanduku cheusi juu ya mstari wa jina la ugonjwa. Nilimshukuru kwa nia yake. Kisha nikamwonyesha kichwa cha barua: Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kuna hospitali ambazo jina lake halisemi kitu. Mtu kwenda Muhimbili anaweza kuwa amevunjika kidole au amejifungua. Lakini kuna kliniki, wodi na taasisi ambazo jina peke yake ni utambuzi wa ugonjwa. Kufunika mstari mmoja na kuacha kichwa cha barua, muhuri wa idara na cheo cha daktari ni sawa na kumfunika mtu uso kwa kanga huku umembandika jina mgongoni.

Tungeweza kufunika na hivyo vyote. Ungebaki ukurasa mweusi wenye tarehe mbili, ambao mkaguzi angeukataa, na kwa haki, maana haumthibitishii kitu. Ndipo nikaona barua hii haifai kufunikwa. Inafaa kubadilishwa na kitu kingine. Nikaandika dokezo la nusu ukurasa, kwa namba ya mtumishi bila jina: kwamba cheti cha daktari aliyesajiliwa kipo kwenye jalada na nimekiona, kwamba kinashughulikia kipindi cha kuanzia 1 Agosti, mchanganuo wa siku kama nilivyouweka hapo juu, na sahihi ya meneja aliyeidhinisha. Chini nikaongeza sentensi kwamba mkaguzi kiongozi anaweza kukiona cheti chenyewe ofisini, kwa macho. Alikuja kweli wiki iliyofuata, akakitazama kwa dakika moja na kukirudisha.

Kuna watakaosema wakaguzi wamefungwa na kiapo cha usiri, kwa nini kuhangaika. Wamefungwa, ndiyo. Lakini faili la wakaguzi hupitia mikononi mwa vijana watatu au wanne, hukaa kwenye kompyuta za kubebeka na huhifadhiwa kwa miaka. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, pamoja na miamala ya fedha ya mtu. Ukiulizwa kwa nini ulituma jina la ugonjwa, "aliomba mkaguzi" si jibu, kwa sababu hakuomba jina la ugonjwa. Aliomba sababu ya nusu mshahara.

Ukweli mmoja hatukuweza kuuficha. Kwenye faili la mishahara mtu huyu ndiye pekee mwenye mshahara uliokatika Oktoba. Jina liko hapo hapo. Mkaguzi akiweka dokezo langu pembeni anajua nani anaumwa. Asichojua ni anaumwa nini. Tungeondoa jina kwenye mshahara, cheo kingemtaja, maana wenye cheo kile ni wawili tu na mmoja ni mwanamume. Mahali penye watu 64, kuondoa jina mara nyingi ni mapambo.

Kiambatisho cha tatu na cha nne vilikuwa vya safari ya mkurugenzi: taarifa ya kadi ya mwezi mzima, na picha ya kadi yenyewe, mbele na nyuma. Nilipoona ile ya nyuma nilishika kichwa. Mkurugenzi aliipiga kwa simu akamtumia kijana kwa WhatsApp ili "isichelewe". Namba kamili, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina, na zile tarakimu tatu za nyuma. Kwa vitu hivyo vinne mtu ananunua mtandaoni akiwa amelala kwake.

Picha ile haikufunikwa. Ilifutwa: kwenye rasimu, kwenye WhatsApp ya kijana, kwenye ghala la picha la simu yake pamoja na kile kikapu kinachoshikilia picha zilizofutwa kwa siku kadhaa. Kisha nikampigia mkurugenzi. "Bosi, shikamoo. Ile kadi inabidi benki waifunge wakupe nyingine." Hakufurahi. Lakini picha iliyokwisha kupita kwenye simu mbili na kompyuta moja huwezi tena kujua imetua wapi, hasa kama simu inanakili picha zenyewe kwenda mtandaoni kila usiku.

Taarifa ya kadi ilihitajika, ila si yote. Kulikuwa na miamala 31, na iliyohusu safari ni mitano. Mingine ilikuwa malipo ya ofisi yasiyoombwa. Kijana alikuwa ameifungua kwenye PDF na kuchora visanduku vyeusi juu ya namba ya kadi na ile mistari mingine. Nikamwambia abofye `Ctrl+A`, `Ctrl+C`, afungue Notepad, abofye `Ctrl+V`. Mistari yote ikashuka, miamala 31 na namba ya kadi kamili. Kisanduku kilikuwa kimelala juu ya maandishi kama kitambaa juu ya meza. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump kule Marekani, waliwasilisha mahakamani hati yenye visanduku vya namna hiyo hiyo, na waandishi wa habari wakaisoma kwa kunakili na kubandika. Ilikuwa hati ya kesi nzito, ya mawakili wa kulipwa vizuri.

Programu zenye kifaa cha kufuta kweli huwa na amri ya `Redact`, na baada ya kuchora lazima ubofye kuikubali ndipo maandishi yanaondolewa. Sisi hatuna leseni yake. Tulifanya kwa njia ya ofisi: tukachapisha ukurasa, tukapaka wino mweusi, tukautoa fotokopi, ndipo tukaskani ile fotokopi. Usiskani karatasi iliyopakwa wino yenyewe. Skana nzuri huona maandishi chini ya kalamu, kwa sababu wino wa printa hung'aa tofauti na wa kalamu. Namba ya kadi tukaacha nne za mwisho, zinatosha kulinganisha na vitabu. Jaribio la Notepad tukalirudia. Haikubandika kitu.

Ikabaki barua yenyewe. Kijana alikuwa ameianza kwa kujibu mazungumzo ya zamani, kwa hiyo chini ya mistari yake mitatu kulikuwa na mkia wa barua kumi na moja. Ya sita kutoka juu ilikuwa ya bosi mmoja akimwandikia mwingine kuhusu huyu mgonjwa: kama itawezekana mkataba usirudishwe mwakani. Hiyo haikuwa ya mkaguzi. Pengine haikupaswa kuandikwa na yeyote, lakini hilo nililipeleka kwingine. Kichwa cha barua kilikuwa na jina la mtumishi na neno "matibabu". Hata ukiweka nywila kwenye viambatisho vyote, kichwa kinasomeka kwenye kioo cha simu iliyolala mezani.

Kwenye nafasi ya nakala kulikuwa na anwani tatu. Moja ni ya mkaguzi wa mwaka juzi, aliyekwisha hama kampuni. Barua pepe ilijaza yenyewe kijana alipoandika herufi mbili za mwanzo. Nyingine ilikuwa Gmail binafsi ya mmoja wa vijana wao.

Hapo nina kovu langu. Miaka ya nyuma, sehemu nyingine niliyofanya kazi, nilituma jedwali la posho kwa kundi la "wote" badala ya "wote-uongozi". Nikabofya amri ya kuirudisha barua. Wengi walikuwa hawajaifungua. Walichokiona ni taarifa kwamba fulani anataka kurudisha ujumbe uitwao "Posho", na hapo ndipo kila mtu alipoufungua. Tangu siku hiyo anwani naandika mwisho kabisa, baada ya kila kitu.

Tukafungua barua mpya. Kichwa: "Ombi la 4 – vielelezo". Mwili: kwamba mafaili manne yamepakiwa kwenye tovuti ya wakaguzi ya kupokelea nyaraka, ambayo wanayo na mtu huingia kwa namba ya siri ya kwenye simu, kwamba nyaraka nyingine zinapatikana ofisini kwa miadi. Mafaili ya Excel tuliyawekea `Encrypt with Password`, iliyo chini ya `File`, `Info`, `Protect Workbook`. Hiyo huvuruga yaliyomo kweli, tofauti na ile ya `Protect Sheet`. Nywila nikampigia mkaguzi kiongozi kwa namba iliyo kwenye mkataba wa ukaguzi. Namba ya chini ya barua pepe huwa siitumii, maana aliyeiba sanduku la barua la mtu anaweza kubadilisha na sahihi. Majina ya mafaili nayo tuliyatazama: moja lilikuwa bado linaitwa "nusu_mshahara_mgonjwa". Likawa "kielelezo_2".

Jumanne mkaguzi aliuliza swali. Kipimo cha akaunti kilikuwa kimepata jozi moja ya kweli: watumishi wawili, akaunti moja. Tulifuatilia. Ni dereva ambaye akaunti yake ililala kwa kutotumika, akaomba kwa maneno mshahara wake upitie kwa mkewe, aliye stoo yetu hapa hapa. Hakuna aliyeandika fomu. Waliandika siku hiyo, wote wawili, tukaambatisha.

Swali hilo, lakini, lilikuja kwa barua pepe ya kawaida, nakala kwa watu watano, na katikati ya sentensi akaunti ilikuwa imeandikwa kamili, ikifuatwa na majina ya mume na mke. Kijana aliisoma akanitazama. "Dada, nimjibu?" Nikanyanyua simu ya mezani.